Bei ya Kilo na Bei ya Mgeni: Hesabu ya Karamu Moja ya Arusi

Daftari lililo mbele yangu ninapoandika haya lina doa la mafuta juu ya jalada na kurasa 11 zilizojaa tarakimu za kalamu ya risasi, nalo ni daftari la karamu ya arusi ya mpwa wangu, iliyofanyika hapa Tanga Jumamosi moja adhuhuri, ambayo jamaa waliniamini kuishika hesabu yake tangu siku ya kununua kitunguu cha kwanza hata siku ya kurudisha chupa ya mwisho. Tulialika watu 400. Kabla ya siku ile nilikuwa na dhana waliyo nayo wengi, ya kwamba anayenunua kwa jumla humpunguzia kila mgeni gharama kwa kadiri ile ile aliyopunguziwa yeye bei ya kilo. Lakini nilipokwisha kuzijumlisha kurasa zile nikaona bayana kwamba bei ya kilo na bei ya mgeni ni vitu viwili mbalimbali, na kwamba baina yake pana mifupa, pana moto, pana mkono wa mpakuaji, na pana walioalikwa wasije. Bei nitakazozitaja ni zile tulizolipa sisi. Msomaji wa Mombasa, Unguja au Morogoro atatia za soko lake, na mwendo wa hesabu utabaki huo huo.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba katika karamu za pwani mgeni hali peke yake. Hula sinia, na sinia letu huzungukwa na watu wanne, wakibanana watano. Kwa hiyo anayepanga chakula hapangi vinywa 400 bali hupanga masinia 100, na kila kitu, kuanzia mchele hadi idadi ya vipande vya nyama, hukipima kwa sinia. Wazee waliotutangulia walihesabu kwa pishi, ambayo ni vibaba vinne, yaani karibu na kilo 2.7 za leo, na waliposema kwamba pishi moja ya mchele hutosha masinia manne na ziada kidogo, walikuwa wakisema lile lile asemalo mpishi wetu wa sasa, ambaye hukadiria gramu 150 za mchele mkavu kwa mtu mzima, gramu 600 kwa sinia, na kilo 60 kwa watu 400. Kadirio hilo ni la ukarimu. Mchele mkavu ukiiva kwa pilau huwa mara mbili na nusu ya uzito wake, maana yake kila mtu huwekewa karibu gramu 375 za wali, na wengi huinuka wakiwa wamebakiza. Ila hapana mwenye arusi kwetu ambaye angependa sinia lirudi jeupe.

Tulipokwenda kununua mchele tulikuta bei ya rejareja ni shilingi 3,000 kwa kilo, na bei ya gunia zima la kilo 100 ni shilingi 260,000, yaani 2,600 kwa kilo. Kamati ilibishana kutwa nzima juu ya jambo hili, wengine wakitaka gunia, wengine wakiuliza kilo 40 zitakazobaki zitapelekwa wapi, na kwa kuwa mchele hauozi na nyumba ya arusi ina watu wa kula baada ya arusi, gunia likanunuliwa. Sasa tazama faida iliyopatikana. Zile kilo 60 zilizoingia chunguni zilitugharimu 156,000 mahali pa 180,000, tofauti ya shilingi 24,000, na tofauti hiyo ukiigawa kwa wageni 400 hupati zaidi ya shilingi 60 kwa mgeni. Shilingi 60! Na kwa ajili yake watu wazima saba waliacha kazi zao tangu asubuhi mpaka alasiri.

Si kwamba mchele hauna la kuangaliwa; linaloangaliwa ni jingine. Mchele mpya, uliotoka shambani juzi, hunywa maji machache na hushikana, na mpishi aliyezoea kutia maji ya mchele wa zamani akitia kadiri ile ile hutoa bokoboko mahali pa pilau, ilhali mchele uliokaa miezi kadhaa tangu kuvunwa hunywa maji mengi zaidi, ukafura, na kila punje ikasimama peke yake. Punje zilizovunjika, tunazoziita chenga, nazo huyeyuka chini ya sufuria na kuufanya wali ulemae. Mpishi wetu alikataa kufungua mdomo juu ya bei mpaka aletewe kibaba kimoja kutoka ndani ya gunia, tena kutoka katikati, si juu. Akakimwaga katika ungo, akapeta, akatenga chenga upande mmoja na chuya upande mwingine, kisha akakipika siku tatu kabla ya arusi katika sufuria ndogo huku akiandika vikombe vya maji ukutani kwa mkaa. Gunia la kwanza alilirudisha. La pili alilikubali. Jaribio lile lilitugharimu kibaba kimoja cha mchele, na nadhani ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote zilizomo katika daftari hili.

Nyama ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo napenda msomaji anifuate polepole. Kanuni ya pilau ya arusi kwetu ni kilo kwa kilo, yaani kila kilo ya mchele ipate kilo ya nyama na mifupa yake, basi tulihitaji kilo 60. Buchani bei ilikuwa shilingi 11,000 kwa kilo, jumla 660,000, ambayo ni 1,650 kwa kila mgeni, zaidi ya mara nne ya mchele. Shemeji yangu, kwa nia njema kabisa, akatoa rai kwamba ni israfu kununua nyama ya kupimiwa wakati ng'ombe mzima anapatikana mnadani, akaenda, akarudi na dume mweusi, mnene wa tumbo, aliyenunuliwa kwa shilingi 800,000. "Shemeji, huyu hapungui kilo 80," aliniambia, na kwa hesabu hiyo, hata tukiongeza 60,000 za kumsafirisha, za mchinjaji na za ukaguzi wa nyama, kilo isingezidi 10,750, na tungekuwa na akiba ya kilo 20.

Ng'ombe alichinjwa Ijumaa jioni. Alipokwisha kuchunwa na matumbo kutolewa, mchinjaji alilipasua tumbo kubwa kando ya shimo, na majani yaliyotoka humo, mabichi na yenye maji tele, yalijaza toroli mbili, akaniangalia, akasema kwa upole, "Mzee wangu, mlimnunua pamoja na malisho yake." Tulipoipima nyama robo kwa robo kwenye mizani ya kuning'iniza, zikapatikana kilo 66. Ng'ombe wa kienyeji hutoa nyama na mifupa karibu nusu ya uzito aliokuwa nao hai, na akiwa ameachwa kula na kunywa hadi saa ya kuuzwa hutoa chini ya nusu, kwa sababu sehemu kubwa ya ule unene ni malisho na maji, wala si misuli. Mtu mwenye tajriba hamtazami tumbo. Hutazama mgongo na mapaja, humpapasa mbavu, na akitaka kuwa na yakini zaidi hupitisha utepe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, mahali ambapo kipimo hakiongezeki sana kwa kunyweshwa maji.

Basi kilo 66 kwa shilingi 860,000 ni zaidi ya 13,000 kwa kilo, na sisi tuliokimbia bei ya bucha tulikuwa tumeipita kwa 2,000 kila kilo. Insafu yataka niseme pia yaliyopatikana upande wa pili: kichwa, miguu, utumbo na maini, pamoja na zile kilo sita za ziada, vilipikwa supu usiku ule ikawalisha jamaa na majirani waliokuja kumenya viazi na kukata vitunguu, na supu hiyo kama tungeinunua isingepungua shilingi 100,000. Ukiitoa, nyama ya karamu ilisimama kwenye 760,000, sawa na 1,900 kwa mgeni aliyealikwa, wakati bucha ingetupa 1,650. Tofauti ni shilingi 250 kwa kila mtu. Jicho la mtu mmoja mnadani lilikula mara nne ya faida yote tuliyoipata kwa kubishana kutwa juu ya gunia la mchele.

Sisemi kwamba ng'ombe mzima hafai. Kwa karamu ya watu 800, penye kazi ya supu kwa kamati siku tatu, na mnunuzi ajuaye kazi yake, au muuzaji akubaliye kulipwa kwa kilo za nyama baada ya kuchinja, hufaa sana. Na sharti hili la mwisho naliona bora kuliko yote, kwa kuwa huuhamisha wasiwasi wa uzito kutoka kwa mwenye arusi ukawa wa mwenye ng'ombe. Lakini kwa watu 400, penye pengo dogo kiasi kile baina ya bei ya mnada na bei ya bucha, kukosea kwa kilo kumi na nne kuliigeuza faida kuwa hasara.

Tena nyama haiishi kupungua mizanini. Katika kilo 60 zilizoingia sufuriani, kilo kama 12 ni mifupa. Zile 48 zilizobaki, zikiiva, hupoteza kama theluthi kwa maji na mafuta, zikawa 32. Na kilo 32 ukizigawa kwa watu 400 kila mmoja hupata gramu 80 za nyama ya kutafuna. Mpishi hulijua hilo kwa mkono wake, ndiyo maana hukata vipande vya gramu 50 vibichi, kila mtu vitatu, kila sinia 12. Ubaya hutokea wakati wa kupakua. Katika karamu nyingi nilizohudhuria masinia ya kwanza hutoka yamefunikwa nyama juu, kwa sababu mpakuaji hupakua kwa mapenzi na hao wa mwanzo ndio wakubwa wa majilisi, na masinia ishirini ya mwisho huwa wali wenye harufu tu ya nyama. Kisha watu husema nyama haikutosha, na mwaka unaofuata mwenye arusi mwingine huongeza kilo 20 alizokuwa hazihitaji. Mpishi wetu aliiopoa nyama yote kabla ya kutia mchele katika supu yake, akaiweka katika karai kubwa iliyofunikwa karibu na moto, na mtu mmoja, asiyefanya kazi nyingine yoyote, akaketi hapo na kijiko cha matundu akihesabu kumi na viwili, kumi na viwili. Sinia la 88 lilikuwa sawa na la kwanza.

Viungo nitavipita haraka, kwa kuwa havina siri: lita 10 za mafuta kwa 55,000, vitunguu maji 40,000, viazi 45,000, na 60,000 za thomu, tangawizi, bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, jumla shilingi 200,000, yaani 500 kwa mgeni. Ninaloshauri ni moja, kwamba viazi na vitunguu vinunuliwe kwa mizani wala visinunuliwe kwa kiroba cha lumbesa, kwa sababu mdomo ule uliofumwa juu ya gunia hauna uzito unaojulikana, na mwenye daftari hawezi kugawanya asichokijua.

Kwa upande wa vinywaji tulifanya vema, na sikusita kumshukuru aliyetufundisha, mama mmoja mwenye duka la jumla ambaye amekwisha kuhudumia arusi nyingi. Tulitaka kreti 17 za soda, kila moja chupa 24, ili kila mgeni apate yake. Yeye akasema, "Chukueni 22, na mtakazozirudisha zikiwa zimejaa na hazikufunguliwa sitawatoza." Soda haiozi kwa siku mbili, na duka lake huuza kila siku, kwa hiyo kwake si hasara, na kwetu ilikuwa salama, kwa maana wageni wangezidi tungekuwa nazo, na wangepungua tungezirudisha. Masharti yake yalikuwa mawili: kreti irudi kamili, ya aina moja, isichanganywe, na chupa tupu zirudi zote, la sivyo kila iliyopotea hulipwa shilingi 300. Kwa hiyo tuliwakataza vijana kufungua kreti nyingine kabla ya iliyo mbele yao kwisha, na kila kreti ilipotolewa barafuni ile tupu ilirudi pale pale. Zilifunguliwa kreti 16, kwa 15,000 kila moja, ni 240,000. Maji ya chupa katoni 15 kwa 6,000, ni 90,000.

Walikuwapo waliotaka sharubati ya ukwaju badala ya soda, na kwa tarakimu walikuwa na haki, kwani lita 100 za ukwaju, pamoja na sukari na barafu, zisingezidi shilingi 96,000, ambazo ni 240 kwa mtu, wakati soda ilitutoka 600. Lakini sharubati yataka maji yaliyochemshwa jana yake, vyombo safi na watu wa kuosha bilauri 400, na ikibaki hadi usiku huanza kuchacha. Wala hapana duka litakaloipokea. Nyumba yenye mikono mingi na kisima kizuri ichague ukwaju. Sisi mikono yetu ilikuwa jikoni.

Mpishi na wasaidizi wake, kuni, na kukodi sufuria, makarai na masinia vilikula 245,000. Kwa hiyo jumla ya daftari, mchele 156,000, nyama 760,000, viungo 200,000, vinywaji pamoja na chupa zilizopotea 339,000, na gharama za jiko 245,000, ni shilingi 1,700,000, ambazo kwa wageni 400 ni 4,250 kila mmoja. Hii ndiyo tarakimu niliyowasomea jamaa Jumatatu jioni, wakafurahi. Siku ya pili niliona kwamba nimewasomea tarakimu isiyo ya kweli.

Walioalikwa walikuwa 400, walioketi hawakuwa 400. Asubuhi ile kulitokea msiba mtaa wa pili, na watu wengi wa heshima zao wakaenda kuzika kama ilivyo wajibu. Idadi ya waliokula hatukuikisia; tuliisoma katika masinia, kwa sababu kijana aliyekaa mlangoni mwa jiko alichora mstari kwa kila sinia lililotoka, na mistari ilikuwa 88, sawa na watu 352. Ukizigawa shilingi 1,700,000 kwa watu hao, mgeni mmoja amegharimu 4,830. Vile vyakula vya masinia 12 havikutupwa. Viligawiwa majirani na watoto wa chuoni, tena mapema, kabla ya alasiri, kwa sababu wali uliofunikwa ukiwa vuguvugu kwa saa nyingi huharibika bila kutoa harufu na huwaumiza watu matumbo. Hiyo ni sadaka na ina thawabu zake, lakini katika daftari si gharama ya wageni.

Nilikwenda kumwuliza mpishi kama tungeweza kuliepuka hilo. Akanijibu kwamba ametupikia sufuria tatu za kilo 20 kwa sababu tumemwamuru azipike zote kwa pamoja. Lakini kama tungempa idhini, angezitia motoni mbili tu kwa ajili ya masinia 66 ya mwanzo, na ya tatu angeiacha mchele wake umechaguliwa, maji yake yanachemka, mpaka aone watu wanavyoingia na kusikia hesabu ya mlangoni, kwa kuwa pilau ya tatu huchukua kama saa moja tangu mchele kuingia hadi kupakuliwa, na wageni wa arusi hawaketi wote kwa zamu moja. Siku ile angepima kilo 13 mahali pa 20. "Mchele hungoja," alisema. "Nyama ya ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa haingoji."

Maneno hayo yalinifunulia kosa letu lilipokuwa. Mchele ambao haukupikwa hurudi ghalani, soda ambayo haikufunguliwa hurudi dukani, ila nyama ikisha kukatwa hairudi popote. Nasi tulitumia tahadhari yetu yote kwenye mchele, tukailipia nyama yote mara moja, kwa kukisia, siku moja kabla ya kujua nani atakuja. Kama tungeafikiana na mwenye bucha atupe kilo 40 alfajiri na atuwekee nyingine 20 hadi saa nne, tuchukue kwa kadiri ya haja, tungechukua 13, na zile kilo saba ni shilingi 77,000, zaidi ya mara tatu ya faida yote ya lile gunia.

Jumatatu asubuhi mimi na vijana wawili tulirudisha kreti 22 dukani kwa mkokoteni, sita zimejaa na 16 tupu. Yule mama hakuhesabu kwa macho. Alipitisha kidole katika kila tundu la kila kreti, akinong'ona, na alipofika mwisho akasema zimepungua chupa 30. Nilimlipa shilingi 9,000, nikaziandika katika ukurasa wa 11, nikapiga mstari chini yake. Mwezi ujao ni arusi ya ndugu mdogo wa bibi arusi yule, wageni 250, masinia 63, na mwenye bucha nimekwisha kuonana naye.